Kwa nini majani machanga ya mwembe huwa mekundu kabla ya kuwa ya kijani?

Mkazi wa Mkuranga

Wanajukwaa, salaam. Nina miembe 40 ya kubebesha huku Mkuranga, na inaingia mwaka wa tatu tangu niipande. Baada ya mvua za mwanzo miti ilichipua kwa nguvu, lakini majani yote mapya yalitoka na rangi ya damu ya mzee, yamelegea na kuning'inia kama nguo iliyoloa. Kwa kuwa sikuwa nimeizoea miembe, niliingiwa na hofu. Nilikata vitawi vitatu, nikavipeleka kwenye duka moja la pembejeo, na muuzaji akaniambia bila kusita kwamba miti ina upungufu wa fosforasi, kwa sababu mahindi yakikosa fosforasi nayo hupata rangi ya zambarau. Nikauziwa busta. Niliipulizia miti 22 saa sita mchana, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikazidisha kipimo. Mchanganyiko ukaisha kabla sijaifikia miti 18 iliyobaki.

Baada ya wiki mbili na nusu, majani ya ile miti 18 ambayo haikupata chochote yalikuwa yamegeuka kuwa ya kijani. Ya ile 22 nayo yamegeuka, ila mengi yameungua ncha na kingo, na mengine yamejikunja. Hasara hiyo nimeikubali. Ninachotaka kuelewa ni hiki: kama wekundu ule haukuwa ugonjwa wala njaa, mti unaufanyia nini? Kwa nini jani lisitoke likiwa la kijani tangu siku ya kwanza, likaanza kazi?

Kibwana wa Tanga

Pole sana ndugu. Jibu ni jepesi. Jani changa halina umbijani wa kutosha, na umbijani ndio unaozifunika rangi nyingine zote. Kabla haujatengenezwa, wekundu uliomo ndani ya jani huonekana, na ukishajaa, wekundu hufunikwa. Ni kama tunda, ila kinyumenyume: tunda huanza na kijani likaishia na wekundu, jani huanza na wekundu likaishia na kijani. Sidhani kwamba mti una nia yoyote katika jambo hilo.

Mama Kitalu

Mwanangu wa Mkuranga, mimi nazalisha miche ya maembe Morogoro, na kila msimu napokea watu wawili watatu wenye hofu kama yako. Ngoja nikueleze ninavyoyatazama.

Jani changa lenye afya ni jekundu sawasawa, kutoka kwenye kikonyo mpaka kwenye ncha, linang'aa kama lililopakwa mafuta, na ukilishika ni laini kama ngozi ya sikio la mtoto. Halisimami. Linaning'inia moja kwa moja kuelekea chini. Siku zinavyokwenda linarefuka kwa kasi, wekundu unafifia kuwa kama shaba, kisha kama asali, kisha kijani kibichi chepesi, na mwisho kijani cheusi. Linapofikia hapo ndipo linapokakamaa na kuinuka, na ukilikunja linatoa sauti. Katika kitalu changu safari hiyo nzima huchukua wiki nne hivi, na wakati wa baridi huzidi.

Ugonjwa hauji na rangi moja jani zima. Chule huja na vidoa vyeusi au vya kahawia iliyokolea, hasa baada ya siku za mvua mfululizo, vidoa vinaungana, jani linajikunja upande mmoja na kukauka vipande. Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe. Ukiona hayo, hapo kweli kuna la kufanya. Ukiona wekundu mtupu, uache mti.

Jambo jingine ni kwamba miembe haifanani kwa wekundu. Nina mti mmoja ambao majani yake mapya yana wekundu wa tofali, na jirani yake hutoa majani ya kijani hafifu yenye kahawia kidogo tu. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale. Nikibebesha kikonyo cha mmoja wao juu ya mche mwingine, rangi hufuata kikonyo wala haifuati shina la chini. Kwa hiyo ni tabia ya aina yenyewe.

Mwalimu wa Mimea

Nawashukuru waliotangulia. Nimefundisha somo la mimea kwa miaka mingi, na swali la ndugu wa Mkuranga kwa kweli ni maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kwa nini jani linachelewa kuwa la kijani. La pili ni kwa nini, katika muda huo wa kuchelewa, liwe jekundu na si jeupe.

Kwanza nimalize la fosforasi, kwa maana ndilo lililomtia ndugu yetu hasarani. Mmea unaokosa fosforasi huiondoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi. Ndiyo maana katika mahindi zambarau huonekana kwanza kwenye majani ya chini. Mti wenye majani ya zamani yaliyokolea kijani na wekundu kwenye machipukizi peke yake hauna dalili hiyo. Kabla ya kununua chochote, tazama wekundu umekaa wapi, kwenye majani ya zamani au kwenye mapya.

Ndugu Kibwana amepatia nusu. Ni kweli kwamba jani changa la mwembe lina umbijani mchache. Lakini wekundu wake si rangi iliyokuwa imelala chini ikingoja kufunuliwa. Ni anthosianini, rangi ile ile iliyomo kwenye choya, na jani huitengeneza makusudi kwa kutumia sukari ambayo mti umeipata kwa taabu mahali pengine. Kama wekundu ungekuwa matokeo ya kukosa umbijani tu, kila jani changa duniani lingekuwa jekundu, na sivyo: ipo miti ya misitu ya tropiki ambayo majani yake mapya hutoka meupe au ya kijani kilichopauka, yananing'inia vivyo hivyo. Hayo ndiyo majani yaliyokosa umbijani bila kuongezewa kitu. La mwembe limeongezewa.

Na linapogeuka, anthosianini haifunikwi tu. Jani linakua na kuitandaza rangi ile ile katika eneo kubwa zaidi, utengenezaji wake unakoma, na iliyopo inavunjwavunjwa, huku umbijani ukijazwa mahali pake.

Mpita Njia

Mbona mkungu wa uani kwangu unafanya hivyo hivyo? Majani yanakuwa mekundu sana, kisha yanadondoka yote, mti unabaki mtupu. Hayajawahi kurudi kuwa ya kijani. Je, nayo ni machanga?

Mwalimu wa Mimea

Hapana ndugu, hayo ya mkungu ni majani yaliyozeeka. Mti unayavunja umbijani na kunyonya virutubisho vilivyomo kabla ya kuyaangusha, na katika siku hizo za mwisho jani hutengeneza anthosianini. Rangi ni ya jamii moja, lakini mkungu huifanya mwisho wa maisha ya jani, mwembe huifanya mwanzoni. Inafaa kukumbuka kwamba nyakati zote mbili zinafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba jani lina mashine ya usanisinuru isiyokamilika. Ya mwembe bado inaundwa, ya mkungu inabomolewa.

Kibwana wa Tanga

Mwalimu, nimekusoma na nikaona nisibishe bila kujaribu. Jana jioni nilichuma majani 12 mekundu kabisa ya mwembe, nikayakatakata, nikayachemsha dakika tano katika kikombe kimoja cha maji. Maji yakawa ya pinki iliyochafuka kidogo. Nikayagawa kwenye glasi tatu. Ya kwanza niliiacha. Ya pili nikaikamulia ndimu, na papo hapo ikawa nyekundu safi kama sharubati. Ya tatu nikaitia ncha ya kijiko ya magadi soda, ikageuka kuwa kijani cha kahawia, kama maji ya mtaro. Majani yenyewe, baada ya kuchemshwa, yalibaki na kijani kilichofifia chenye kahawia.

Kwa hiyo nakiri kwamba kuna rangi iliyoongezwa, na kijani kidogo kilikuwamo tangu mwanzo, chini ya wekundu. Nilikuwa nimelieleza jambo kinyume: wekundu ndio uliokuwa ukifunika kijani.

Mwalimu wa Mimea

Umefanya vizuri sana. Kugeuka kwa rangi kwa ndimu na magadi ndiyo alama ya anthosianini. Hii rangi ya kahawia katika glasi ya tatu inatokana na fenoli nyingine, yaani kemikali za jamii moja na anthosianini, ambazo majani machanga ya mwembe yanazo kwa wingi na ambazo hazina wekundu. Ziwekeni akilini, nadhani zitarudi katika mazungumzo haya.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, la kuchelewa. Jani haliwezi kukua na kukakamaa kwa wakati mmoja. Ili seli zitanuke, kuta zake lazima ziwe laini, na jani laini ni chakula kitamu kwa kila mdudu mwenye meno. Katika misitu ya tropiki sehemu kubwa ya uharibifu ambao jani hupata katika maisha yake yote huupata katika wiki hizo chache za uchanga. Thomas Kursar na Phyllis Coley, waliofanya kazi miaka mingi katika kisiwa cha Barro Colorado huko Panama, walitoa hoja mwaka 1992 kwamba mti unaochelewesha kijani unakataa kuweka mali ndani ya nyumba isiyo na mlango. Mashine ya usanisinuru imejaa protini, na protini ina nitrojeni, ambayo mti huipata kwa shida. Basi mti unalitanua jani kwanza likiwa karibu tupu, na likishakakamaa ndipo unapoijaza mashine ndani. Mdudu akilila kabla ya hapo, hasara ni ndogo.

Gharama yake ni kwamba jani hilo, kwa wiki kadhaa, linakula sukari ya mti badala ya kuleta. Ndugu wa Mkuranga aliuliza kwa nini lisianze kazi siku ya kwanza. Jibu la hoja hii ni kwamba kuanza kazi mapema kungekuwa na faida ndogo kuliko hatari ya kuliwa.

Katika swali la pili, maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi ni ya jua. Umbijani mchache uliomo katika jani changa unaendelea kunasa mwanga, lakini mitambo ya kuutumia mwanga huo haijakamilika. Mwanga uliozidi huzalisha kemikali zinazounguza seli kutoka ndani. Anthosianini hunasa hasa sehemu ya kijani ya mwanga wa jua na kuigeuza kuwa joto, kwa hiyo hupunguza mzigo unaoufikia umbijani. Ni kama chandarua kilichofungwa juu ya kitalu. Kuning'inia kwa jani nako kunasaidia, kwa sababu jua la saa sita linapita kando yake badala ya kulipiga usoni. Na ndugu yetu alipulizia busta iliyozidi kipimo saa hiyo hiyo, juu ya jani lenye ngozi nyembamba kuliko yote. Si ajabu liliungua.

Mkulima wa Newala

Mwalimu, shikamoo. Nina mashaka na hiyo habari ya hasara ndogo. Mimi ni mkulima wa korosho. Mkorosho nao huchipua majani ya wekundu wa shaba, na ni katika machipukizi hayo hayo laini ndimo mbu wa mikorosho anamofyonza. Utaona alama ndefu nyeusi kwenye kikonyo na kwenye mishipa ya jani, kisha chipukizi lote linakauka kama lililopitiwa na moto, na chipukizi likifa hakuna ua, na bila ua hakuna korosho. Huo wekundu umemkinga nani? Kwangu kinachokinga ni majimoto. Mti wenye viota vingi vya majimoto, mbu hukaa mbali. Kama rangi ingekuwa dawa, nisingekuwa nanunua dawa.

Mwalimu wa Mimea

Marahaba. Hoja yako ni ya haki, na ninaipokea. Hoja ya Kursar na Coley haisemi kwamba mdudu hatakuja. Inasema kwamba akija, ataondoka na kidogo katika kila jani. Inafaa zaidi kwa mdudu atafunaye jani kuliko huyu wako anayefyonza, kwa sababu mbu wa mikorosho haibi eneo la jani, anaua chipukizi zima kwa mate yake yenye sumu. Dhidi yake jani tupu na jani lililojaa yote ni sawa.

Wapo pia wanaosema kwamba wadudu wengi hawauoni wekundu kama sisi, kwa hiyo jani jekundu machoni pao ni kitu cheusi kisichofanana na chakula. Inawezekana, ila mimi sijashawishika, maana mdudu wako anaongozwa na harufu pia, na harufu ya chipukizi haifichwi na rangi.

Binti wa Jozani

Samahani kwa kuingilia. Nyumbani kwetu Unguja mashamba yanapakana na msitu wa Jozani, na kuna mnyama ambaye rangi hiyo haimdanganyi hata kidogo, naye ni kima punju. Wakiingia kwenye mwembe uliochipua, wanaanza na machipukizi. Anakamata kitawi kwa mkono, anakivuta, anachagua majani mekundu na kuyaacha yale magumu ya kijani yaliyo sentimita chache tu chini yake. Kundi moja likikaa asubuhi nzima, upande mmoja wa mti hauna tena chipukizi.

Kisha hufanya jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka walione: huenda kwenye tanuri la mkaa lililokwisha kupoa, huokota vipande vya mkaa na kuvitafuna. Wazee wetu walikuwa wakisema ni uchokozi tu. Watafiti walieleza mwaka 1997 kwamba majani ya mwembe na ya mkungu wanayoyala yana fenoli nyingi zinazozuia mmeng'enyo, na mkaa huzinasa zikiwa tumboni. Mwalimu alipotaja kahawia ya ile glasi ya tatu, nilikumbuka mkaa mara moja.

Sasa nauliza: kama jani jekundu ni tupu, kwa nini kima alitake kuliko yote?

Mwalimu wa Mimea

Dada, hilo ndilo swali gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sitajifanya kwamba lina jibu moja.

Jani changa si tupu kabisa. Seli zinazogawanyika na kutanuka zina protini zake za ukuaji, na zaidi ya hapo jani halina nyuzi ngumu, kwa hiyo kila tonge lina faida. Tupu ni kwa kulinganisha na jani changa la mti usiochelewesha kijani, ambalo lina mashine yote ndani huku likiwa bado laini. Kima punju mbele ya mwembe hana uchaguzi huo. Anachagua kati ya jekundu laini na la kijani gumu kama ngozi, na hapo jekundu linashinda.

Kuna utafiti uliofanywa katika msitu wa Kibale, Uganda, ukatolewa mwaka 2001, uliowafuatilia sokwe na jamii za kima. Hoja yake ilikuwa kwamba uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani, ambao sisi tunao na wanyama wengi hawana, uliwafaa wahenga wetu hasa kwa kuona majani machanga mekundu yenye protini katikati ya majani ya kijani. Wengine wanasema uwezo huo ulikuwa kwa ajili ya matunda yaliyoiva, na mjadala haujafungwa. Lakini ukiikubali hoja ya Kibale, ina maana kwamba wekundu huo huo unaoweza kumpoteza mdudu unamwonyesha kima njia.

Mkakao Kyela

Mimi nalima kakao Kyela. Mikakao yangu iko chini ya migomba na miti mirefu, na mchana kuna giza hata kuku hulala humo. Machipukizi ya mkakao ni mekundu na yamelegea kabisa, kama haya ya mwembe. Mwalimu anasema wekundu ni chandarua cha jua. Katika kivuli kile, chandarua cha nini?

Mama Kitalu

Hilo hata mimi limenitatiza. Katika mwembe mmoja, machipukizi ya ndani kwenye kivuli huwa na wekundu hafifu kuliko ya nje yanayopigwa na jua. Hapo mwalimu yuko sahihi. Lakini hafifu si sawa na hakuna.

Mwalimu wa Mimea

Ndugu wa Kyela amegusa mahali ambapo maelezo ya jua yanapwaya. Wanaoyatetea husema kwamba chini ya msitu miale hupenya kwa dakika chache, mikali na ya ghafla, na jani lililozoea giza huumia kwa miale hiyo kuliko lililozoea jua. Ni hoja nzuri, lakini sioni kama inatosha kwa kila mti. Upande mwingine, kivuli kinaipa nguvu hoja ya kuchelewa. Gizani hata jani la kijani kamili lingepata mwanga kidogo tu wa kutumia, kwa hiyo mti unaolichelewesha haupotezi sana. Huko Panama tabia hii ilionekana zaidi kwa miti inayovumilia kivuli. Coley, mwaka 1989, alishiriki pia kutoa dhana kwamba anthosianini huzuia ukungu, na ukungu ni adui mkubwa wa jani laini mahali pa unyevu. Kwa kakao ningeipa dhana hiyo nafasi, ingawa Mama Kitalu ametueleza kwamba chule hulipata jani jekundu la mwembe vizuri tu.

Mwembe wa porini asili yake ni misitu ya mvua ya Asia ya Kusini, kuanzia kaskazini-mashariki mwa India kuelekea Burma. Kwa maoni yangu, huenda kuchelewesha kijani ni tabia uliyotoka nayo msituni, na sisi tukauhamishia juani na tabia zake. Lakini angalieni miyombo ya Tabora: mwezi wa tisa na wa kumi, kabla tone la mvua halijaanguka, pori zima hubadilika kuwa jekundu, tena katika jua kali lisilo na kizuizi. Huko kivuli hakipo, na chandarua kina kazi dhahiri. Kwa hiyo sidhani kwamba miti yote ina sababu moja.

Mkulima wa Newala

Basi tukubaliane kwamba rangi haimkingi mkorosho dhidi ya mbu. Mengine nawaachia.

Mkazi wa Mkuranga

Nawashukuru wote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Nina habari ya nyongeza. Miti sita imechipua tena upande wa mashariki peke yake, huku upande mwingine umetulia. Nimefunga uzi kwenye vitawi vinne, viwili vya nje juani na viwili vya ndani kivulini, na ninapima jani moja katika kila kitawi kwa rula kila siku ya tatu. Leo ni siku ya 12. Jani la kwanza la nje lina sentimita 19 na limeacha kurefuka tangu kipimo kilichopita, lakini bado ni la rangi ya shaba na bado linaning'inia. Hivyo nimeona kwa macho yangu kwamba urefu unakamilika kwanza na kijani kinafuata baadaye, kama mwalimu alivyosema.

La kivulini lina sentimita 17, wekundu wake ni mdogo kweli, na linaonekana kuelekea kwenye kijani mapema kuliko la juani. Sikulitegemea hilo. Mama Kitalu, je, kwako nako la kivulini hutangulia, au ni vitawi vyangu viwili tu?

Mama Kitalu

Sijawahi kulihesabu, mwanangu. Kesho nafunga nyuzi kwenye miche 20, nusu chini ya chandarua na nusu juani, na tukifika siku ya 30 nitaleta majibu hapa hapa.